Sura ya Sita: Taa Mbili, Maana Tatu

Epson L3110 ni printa inayoonekana sana kwenye meza za steshonari. Haina skrini. Mbele yake kuna vitufe vichache na taa tatu ndogo: taa ya umeme, taa yenye alama ya tone la wino, na taa yenye alama ya karatasi. Ikiwa imeunganishwa na kompyuta yenye draiva yake kamili, hitilafu ikitokea kidirisha hufunguka na kueleza tatizo kwa maneno. Lakini mara nyingi kidirisha hicho hakipo. Mteja ametoa fotokopi moja kwa moja bila kompyuta, au draiva iliyowekwa ni ile ya kawaida inayokuja na Windows, au printa inatumiwa na kompyuta ya chumba cha pili. Hapo kinachobaki ni zile taa tatu, na mhudumu anaziona zikiwakawaka bila kujua zinasema nini.

Kosa linalofanyika karibu kila mahali ni kuzima printa papo hapo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: mteja amesimama, foleni inakua, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe. Lakini taa zile ndizo ushahidi pekee uliopo. Ukizima, printa ikiwaka tena huenda ikaonyesha ishara nyingine, au isionyeshe chochote hadi utakapoanza kuchapa, na wewe utakuwa umepoteza habari uliyokuwa ukiihitaji. Kanuni ya kwanza ya sura hii ni kusoma kabla ya kugusa.

Kanuni ya pili ndiyo kiini cha yote yanayofuata. Watu wengi huangalia ni taa ipi inayowaka, basi. Wanasema, "taa ya wino inawaka, kwa hiyo wino umeisha." Lakini katika printa zisizo na skrini, taa peke yake ni nusu ya neno. Nusu ya pili ni namna inavyowaka: imetulia au inametameta, na kama zinametameta mbili, zinafanya hivyo kwa pamoja au kwa kupokezana. Taa ileile ikibadili mwendo, maana hubadilika kabisa.

Taa moja kwanza

Tuanze na taa ya karatasi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Kwenye L3110, taa ya karatasi ikiwaka bila kumetameta, printa inasema kwamba haina karatasi, au kwamba imevuta karatasi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kupanga karatasi upya, kuzitikisa kidogo ili zisigandamane, kusogeza kile kibanio cha pembeni mpaka kiguse ukingo wa karatasi, na kubonyeza kitufe cha kunakili ili kazi iendelee. Hakuna haja ya kufungua chochote.

Taa hiyohiyo ikianza kumetameta, maana yake karatasi imekwama ndani. Sasa kubonyeza vitufe hakusaidii. Kuna kitu mle ndani ambacho lazima kitolewe kwa mkono. Mhudumu asiyetofautisha hali hizi mbili anaweza kuongeza karatasi juu ya karatasi iliyokwama, na hapo ndipo tatizo dogo linapokuwa kubwa.

Taa ya umeme nayo ina kawaida yake. Ikimetameta peke yake, hakuna hitilafu. Printa inafanya kazi: inapokea data, inasafisha kichwa cha kuchapia, inajaza wino kwenye mirija kwa mara ya kwanza, au inajiandaa kuzimika. Usichomoe waya wakati huo, hata kama inakuchelewesha. Ujazaji wa wino wa mara ya kwanza huchukua dakika kama kumi, na ukikatizwa katikati hewa hubaki kwenye mirija.

Taa mbili kwa pamoja

Ugumu huanza pale taa ya wino na taa ya karatasi zinapohusika zote mbili. Hapa zipo ishara tatu tofauti, na kila moja inadai hatua yake.

Ishara ya kwanza ni taa zote mbili kuwaka kwa utulivu bila kumetameta. Maana yake printa haikuzimwa vizuri. Hii ndiyo ishara ya umeme uliokatika, au ya mtu aliyezima printa kwenye swichi ya ukutani badala ya kitufe chake. Wengi wakiona taa hizo mbili asubuhi hudhani printa imeungua, kumbe haijaharibika. Bonyeza kitufe cha kusitisha au cha kunakili ili ifute hali hiyo, futa kwenye kompyuta kazi zilizokuwa zikisubiri, kisha chapisha ukurasa wa kupima matundu ya wino.

Hatua hiyo ya mwisho ina sababu yake. Ukizima kwa kitufe, kichwa hurudi upande wa kulia na kukaa juu ya kikalio cha mpira kinachoziba matundu yake, kama kofia inavyofunika kalamu ili isikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi popote kilipokuwa. Printa ikikaa hivyo usiku kucha, wino kwenye matundu huanza kukauka, na kesho yake maandishi hutoka na mistari myeupe. Kwa hiyo pale umeme unapokatika mara kwa mara, ukirudi tu iwashe printa hata kama huna kazi, iache ijirudishe mahali pake, kisha izime kwa kitufe.

Ishara ya pili ni taa ya wino na taa ya karatasi kumetameta kwa kupokezana: hii ikiwaka, ile inazimika. Hii haihusiani na karatasi wala na wino uliomo kwenye matangi. Inazungumzia wino uliotupwa. Kila printa inaposafisha kichwa chake hunyonya wino kidogo na kuumwaga kwenye padi ya sponji iliyo ndani ya mwili wake. Printa haiipimi padi hiyo. Inahesabu tu kiasi ilichokwisha kumwaga na kuihifadhi hesabu hiyo kwenye kumbukumbu yake. Hesabu ikikaribia au kufikia kikomo kilichowekwa, taa huanza kupokezana, na mwishowe printa hukataa kuchapa.

Ukielewa hivyo utajua kwa nini kufungua kifuniko na kutafuta karatasi iliyokwama hakuwezi kusaidia kitu. Utaelewa pia hatari ya njia ya mkato inayotumiwa na mafundi wengi, yaani kurudisha hesabu hadi sifuri kwa programu ya kompyuta. Taa zitazimika kweli na printa itachapa. Lakini padi bado imelowa. Kuanzia hapo wino unaomwagwa hauna mahali pa kwenda, na baada ya muda huanza kuvuja chini ya printa hadi kwenye meza, au kuingia kwenye sehemu za umeme. Fundi anayefanya kazi kamili hubadilisha padi kwanza, kisha ndipo anarudisha hesabu. Ukimpelekea fundi printa yenye ishara hii, muulize swali moja: "Padi umebadilisha, au umerudisha hesabu tu?" Jibu lake litakuambia kama umetengenezewa au umeahirishiwa tatizo.

Ishara ya tatu ni taa zote, pamoja na ile ya umeme, kumetameta kwa wakati mmoja. Hii ni hitilafu ya printa yenyewe. Printa ilijaribu kusogeza kitu ndani yake na kikashindwa kwenda kama ilivyotarajia, ikasimamisha kila kitu ili isijivunje. Hapa pia kuna kinachoweza kufanywa kabla ya kumwita fundi, na tutakifuata hatua kwa hatua katika mfano wa mbele kidogo.

Pamoja au kupokezana?

Kwa maneno ni rahisi kutofautisha kumetameta kwa pamoja na kumetameta kwa kupokezana. Kwa macho, mbele ya dirisha lenye jua, si rahisi hata kidogo. Taa ni ndogo, mwendo ni wa haraka, na mtu akiwa na wasiwasi huona anachokitarajia.

Ipo njia ya uhakika. Zikinge taa na mwanga kwa kiganja, kisha usiziangalie zinapowaka. Tafuta wakati zinapozimika. Kama kuna nukta ambayo taa ya wino na taa ya karatasi zote ni giza, zinametameta kwa pamoja. Kama kila unapoangalia moja kati yake inawaka, zinapokezana. Swali limekuwa moja tu: je, kuna giza au hakuna?

Ukiwa bado na shaka, zirekodi kwa video ya simu kwa nusu dakika, kisha irudie taratibu. Video hiyo ina faida nyingine: ukiizima printa baadaye, ushahidi wako umebaki, na fundi aliye mbali anaweza kuuona bila kusafiri. Kabla hujazima, geuza macho pia kwenye lebo iliyo nyuma au chini ya printa na uandike namba kamili ya modeli. Mpangilio wa taa hubadilika kutoka modeli hadi modeli hata ndani ya kampuni moja, na tafsiri sahihi ya printa moja inaweza kuwa uongo kwenye nyingine.

Kampuni nyingine huhesabu

Mfano mzuri wa tofauti hiyo ni printa nyingi za Canon PIXMA zisizo na skrini. Hizi hazitegemei sana mpangilio wa taa, bali idadi ya mimweko. Taa ya tahadhari, ambayo ni ya rangi ya chungwa, humeta mara kadhaa, inatulia kidogo, kisha inarudia idadi ileile. Mimweko 2 kwa kawaida maana yake hakuna karatasi. Mimweko 3 ni karatasi iliyokwama. Mimweko 5 huelekeza kwenye katriji au kichwa kisichotambuliwa. Mimweko 8 huonya kwamba padi ya wino uliotupwa inakaribia kujaa.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza kuhesabu katikati. Mtu anakuta taa ikimeta, anahesabu mitatu ya mwisho ya mzunguko wa mimweko 5, na kuanza kutafuta karatasi iliyokwama ambayo haipo. Subiri mtulio kwanza, anza kuhesabu mmweko unaofuata mtulio huo, simama kwenye mtulio mwingine, kisha rudia mpaka upate idadi ileile mara tatu.

Kwenye printa hizi pia rangi ina lake la kusema. Ikimeta taa ya chungwa peke yake, mara nyingi mtumiaji anaweza kurekebisha mwenyewe. Taa ya kijani ya umeme na ile ya chungwa zikipokezana, tatizo liko ndani zaidi. Kupokezana mara 7, kwa mfano, ndiko kunakolingana na kodi `5B00`, yaani padi imejaa na printa imejifunga. Tazama jinsi ukweli uleule wa padi iliyojaa unavyosemwa na Epson bila hesabu, na Canon kwa hesabu. Ndiyo maana namba ya modeli huja kabla ya tafsiri yoyote.

Taa zote tatu: mfano wa kufuata

Turudi kwenye L3110 na ishara ngumu kuliko zote. Chukua steshonari iliyo jirani na shule, siku wanafunzi wanapotoa nakala za mitihani ya majaribio. Printa imefanya kazi tangu asubuhi. Ghafla inakoroma, inasimama, na taa zote tatu zinaanza kumetameta. Dada anayehudumu anaizima na kuiwasha mara kadhaa. Kila mara hali ni ileile, basi anampigia fundi.

Fundi akifika hachukui bisibisi. Anaziangalia taa kwa kuzikinga na kiganja, anaona kuna nukta ya giza, anajua hii si padi. Kisha anauliza:

"Dada, kabla ya taa zote hizi, ilionyesha nini?"

"Taa ya karatasi ilikuwa inawakawaka. Karatasi ilikwama, nikaivuta, ikatoka."

"Uliivutia wapi?"

"Hapa mbele. Ilikuwa ngumu kidogo."

"Hiyo karatasi iko wapi sasa?"

Wanaitafuta kwenye ndoo ya taka. Fundi anainyoosha juu ya meza na kuipanga. Kona moja haipo, kipande cha ukubwa wa vidole viwili. Kwa maneno machache hitilafu imeshapata mshukiwa, na printa bado haijafunguliwa. Karatasi iliyokwama isiporudishwa nzima, kilichopungua kimebaki ndani.

Sasa anaiwasha printa na kusikiliza. Printa ya wino ikiwaka hujipima kwa mpangilio unaosikika: rola huzunguka, kichwa hutoka kwenye maegesho yake ya kulia na kupita upande hadi upande, kisha hurudi na pampu husikika kidogo. Taa zinakuambia kwamba jaribio limeshindikana. Sauti inakuambia limeshindikania wapi. Kichwa kikitembea kidogo na kugonga mahali palepale kila mara, kuna kizuizi njiani. Kikikimbia kwa nguvu na kugonga ukuta wa pembeni, kimepoteza hesabu ya mahali kilipo. Kisipotoka kabisa, kimeshikwa kwenye maegesho au mota haikisukumi. Na taa zikianza kumetameta kabla kitu chochote hakijasogea, tatizo laweza kuwa la umeme au la bodi, na hapo kazi ni ya meza ya fundi.

Katika mfano wetu kichwa kinatoka, kinakwenda hadi kama theluthi mbili ya njia, kinagonga, kinarudi. Mara ya pili, palepale. Fundi anazima, anachomoa waya ukutani, anainua sehemu ya skana na kumulika kwa tochi ya simu. Anatazama upande wa kushoto pale kichwa kilipokuwa kikigonga. Kipande cha karatasi kimejikunja kama kijiti na kujibana kati ya njia ya kichwa na rola. Anakitoa polepole kwa koleo dogo, akikivuta kuelekea upande ambao karatasi hutokea, si kinyume chake, ili asikirarue tena.

Kabla ya kufunga, anakilinganisha na ile kona iliyopungua. Kinalingana, ila upande mmoja haukamiliki. Anaendelea kutafuta mpaka apate kipande kidogo kilichobaki karibu na mlango wa nyuma. L3110 huvuta karatasi kutoka nyuma kwa juu, na uwazi ule ndimo zinamodondokea pini, vifutio na vipande vya karatasi. Baada ya hapo anaunganisha umeme na kuiwasha. Kichwa kinapita upande hadi upande bila kugonga, taa ya umeme inatulia, zile mbili zinazimika.

Tuseme kipande kingetolewa na taa zikaendelea, huku kichwa kikikimbia na kugonga ukuta. Fundi angeangalia utepe mwembamba wa plastiki inayopitisha mwanga, ulionyooshwa nyuma ya kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Una mistari midogo mno, na kichwa huihesabu ili kijue kilipo. Tone la wino au alama ya grisi juu yake huficha mistari, na kichwa hukimbia bila kujua ukuta uko wapi. Mtu anayevuta karatasi kwa haraka huweza kuupaka wino kwa vidole, au kuuchomoa kwenye ndoano yake. Fundi huufuta kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, kisha kwa kikavu, bila kuuvuta. Mwongozo wa printa yenyewe unamkataza mtumiaji kugusa utepe huo, waya bapa mweupe na mirija ya wino, na katazo hilo liheshimiwe na kila mtu asiye fundi.

Mahali taa zinapoishia

Mfano huu unaonyesha pia kikomo cha taa. Taa tatu zina miunganiko michache tu, na mambo yanayoweza kuharibika ndani ya printa ni mengi. Kwa hiyo ishara moja hubeba sababu nyingi: taa zote kumetameta yaweza kuwa kipande cha karatasi, utepe mchafu, mota iliyochoka au bodi iliyoungua. Anayedai kujua kifaa kilichokufa kwa kuangalia taa hizo tu anakisia. Taa hukupa kundi la tatizo. Sauti, historia ya dakika chache zilizopita na macho ndivyo vinavyokupeleka kwenye sababu yenyewe.

Kama umesoma taa, umetoa kinachoonekana, umeiwasha mara moja na ishara imerudi ileile, acha. Kuendelea kuzima na kuwasha huifanya mota isukume kizuizi tena na tena, na meno ya gia za plastiki huvunjika. Mpigie fundi, ukimpa sentensi kama hii: "Ni L3110. Taa zote tatu zinametameta kwa pamoja. Zilianza baada ya karatasi kukwama, nimetoa kipande kimoja na karatasi sasa ni nzima. Ikiwaka, kichwa kinakimbia na kugonga upande wa kushoto." Fundi anayejua kazi yake, akisikia hayo, anajua ni vifaa gani aweke kwenye mkoba, na wewe unajua mapema kama anachokuja kukutoza kinalingana na tatizo ulilomweleza.